Kalamu mbili, vifuniko viwili: kisa cha picha kutoka Ngamiani

Picha ilipigwa Ngamiani, Tanga, juu ya mkeka, jioni, kwa taa ya dari. Ndani yake kulikuwa na viwiliwili viwili vya kalamu za wino vilivyolazwa sambamba, na pembeni vifuniko viwili: kimoja cha njano kinachong'aa, kingine cheupe kilichofifia kama kijiko cha mgahawani. Ujumbe ulioambatana nayo ulisema hivi:

"Shikamoo. Hizi ni kalamu za marehemu babu, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Kuna mtu anaitaka hiyo ya dhahabu, anasema ni Parker 51. Bibi naye anasema ya dhahabu ndiyo babu aliyokuwa akiitunza, ile ya bati alikuwa akiandikia madeni. Je, ni Parker kweli?"

Jibu letu la kwanza likawa: "Marahaba, mjukuu wetu. Huenda Parker imo. Lakini bado hatujajua ni ipi, na usiivishe kalamu yoyote kifuniko mpaka tumalize."

Katazo hilo lilikuwa na sababu. Mpiga picha alikuwa ameshaweka kifuniko cha njano karibu na kiwiliwili kimoja, na jicho la mtu likiona vitu viwili vimelala pamoja huvifungisha ndoa papo hapo. Hapo ndipo wengi hukosea: wanasoma jina kwenye kifuniko, kisha wanakipa kiwiliwili jina hilohilo. Ilhali kifuniko cha kalamu za aina hii huchomolewa tu, hakina hesi. Kwenye droo ya karani, miaka arobaini, kimeweza kuhama mara nyingi. Kwa hiyo tulihesabu vitu vinne, si viwili, na kila kimoja kikatakiwa kujieleza chenyewe.

Kwanza tuseme kwa nini kalamu hizi hufanana kiasi hicho. Parker 51 ilitoka Marekani mwaka 1941. Ilichokuja nacho kipya ni nibu iliyofichwa: badala ya ile nibu pana ya mkuki inayoonekana yote, nibu yake ni kijibomba chembamba cha dhahabu kilichomo ndani ya ala ya plastiki, na kinachochungulia nje ni ncha tu. Umbo hilo lilipendwa mno, na viwanda vingine vikalifuata. Kiwanda cha Hero cha Shanghai kilitengeneza kalamu za ala za umbo hilohilo, maarufu zaidi zikiwa Hero 100 na Hero 616, na 616 ikasambaa hadi maduka ya vitabu vya shule Afrika Mashariki. Tanga basi ni mahali pa kutarajia zote mbili kwenye droo moja: bidhaa za Uingereza zilishuka bandarini enzi za Mwingereza, na za China zikafuata baada ya uhuru. Urefu hautazitenganisha, kwani Parker 51 ya kawaida iliyofunikwa ina takriban sentimita 13.8 na Hero 616 kubwa iko hapohapo. Rangi nayo haisaidii. Zote zilitoka nyeusi, buluu, kijani na ile rangi ya damu ya mzee.

Picha ya kwanza ilitosha kusema mambo mawili tu: kwamba viwiliwili vyote viwili ni vya kalamu za ala, na kwamba vyote viwili vina pete ya chuma katikati, pale kifuniko kinaposhika. Maandishi hayakusomeka hata herufi moja. Taa ya dari ilikuwa imeacha mstari mweupe mrefu juu ya kila kitu, na mstari huo ndio uliokuwa umekaa juu ya maandishi.

Tukaomba picha mpya, na maelekezo yalikuwa haya. Asubuhi, karibu na dirisha, bila flashi. Weka kitu juu ya kitambaa cha rangi ya kijivu au karatasi ya kaki, kwa sababu karatasi nyeupe huifanya kamera ipunguze mwanga na kalamu nyeusi hugeuka kuwa kivuli. Usiisogeze simu mpaka iguse. Simu nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho sentimita tano mbele yake. Kaa sentimita 20 hadi 25, kisha kuza picha mara mbili. Mwanga uje kwa ubavu, uparaze juu ya chuma, maana maandishi haya ni mikwaruzo mifupi na huonekana pale tu kingo zake zinapotupa vivuli. Kama dirisha halitoshi, chukua tochi ya simu ya pili uilaze karibu usawa na meza. Zungusha kifuniko robo mzunguko, piga. Robo nyingine, piga. Mpaka picha nne. Maandishi yamezunguka ukingo, hivyo picha moja hukata neno katikati. Tumia kamera ya nyuma, kwani ya mbele kwenye baadhi ya simu hugeuza herufi kama kioo. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili na si kama picha, maana ikienda kama picha hubanwa, na kinachopotea kwanza ni hayo maandishi madogo tunayoyatafuta.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hufanya kwa nia njema, nacho ni kung'arisha kwanza. Majivu, dawa ya meno, brasso. Maandishi ya ukingoni hayana kina. Kung'arisha mara chache kwa dawa ya kusugulia kunaweza kuyamaliza, na hapo kalamu imepoteza cheti chake. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Herufi zikiwa hafifu, paka unga kidogo wa chaki kwa kidole, kisha futa kwa kiganja: unga unabaki ndani ya herufi na kuondoka penginepo.

Picha zilirudi kesho yake, 14 kwa jumla, na tisa kati yake zilifaa. Huo ni wastani mzuri.

Tulianza na kifuniko cha njano kwa kuwa ndicho kilichokuwa na mnunuzi. Kibanio chake ni mshale. Mnunuzi alikuwa ameshika hapo: mshale ni alama ya Parker, basi. Ni kweli kwamba Parker wametumia mshale kwenye vibanio vyao tangu miaka ya 1930, lakini Hero nao walitengeneza vibanio vya mshale kwenye kalamu zao za ala, kwa hiyo mshale peke yake hautoi ushahidi wa kiwanda. Kinachotazamwa ni namna ulivyochongwa. Kwenye picha hii manyoya ya mshale, yaani ile sehemu ya juu inayopaswa kuwa na mistari iliyokatwa pande mbili za mti wake, yalikuwa mabonde mepesi yaliyofifia kwenye kingo, kama sabuni iliyotumika. Inawezekana ni uchakavu, inawezekana ndivyo kilivyotoka kwenye kalibu. Tukakiacha kibanio na kwenda ukingoni.

Ukingoni, picha ya tatu kati ya zile nne, zilisomeka herufi nne: HERO. Kando yake palikuwa na alama mbili za Kichina. Upande wa nyuma ilionekana MADE IN CHINA ikiwa imefutika nusu, na mbele yake mahali pa tarakimu pakiwa peupe kabisa, pamesuguliwa na kidole gumba cha miaka mingi.

Basi dhahabu? Rangi ya njano ilikuwa imeondoka mahali pawili: kwenye uvimbe wa ncha ya kibanio, ule unaosugua mfuko wa shati, na kwenye ukingo wa mdomo. Chini yake palionekana chuma cha njano iliyopauka zaidi, chenye kijani kidogo kwenye kona. Hiyo ni shaba inayoota kutu, na rangi ya juu yake ni maji ya dhahabu tu, tabaka jembamba mno kupimwa kwa mizani ya sonara. Dhahabu halisi haioti kijani.

Hapa inafaa kueleza jambo linalowachanganya hata masonara. Vipo vifuniko vya Parker vya Uingereza vilivyofunikwa dhahabu kwa njia nyingine, ya kubandika bamba la dhahabu juu ya chuma na kulikandamiza. Hivyo huandikwa ROLLED GOLD pamoja na sehemu, kwa mfano 1/10 12CT. Watu husoma 12 na kusema karati kumi na mbili, dhahabu nusu kwa nusu. Sivyo. Inamaanisha kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wa chuma chote ni dhahabu ya karati 12, na karati 12 ni nusu ya 24. Moja ya kumi ya nusu ni moja ya ishirini. Kifuniko cha gramu kumi cha aina hiyo kina nusu gramu ya dhahabu safi. Na hicho ni kile chenye maandishi. Kifuniko chetu cha njano hakikuwa na alama yoyote ya namna hiyo, mahali popote, katika picha zote nne.

Kifuniko cheupe ndicho kilichotushughulisha. Mwili wake umepigwa msasa laini wa mistari inayokwenda wima, na juu kabisa pamoja na ukingo wa chini kuna mikanda miwili iliyong'arishwa. Mpango huo, katikati imefifia na ncha zinang'aa, ni wa kifuniko cha kawaida cha Parker 51, cha chuma kisichoota kutu ambacho kampuni ilikiita Lustraloy. Ndicho kifuniko kilichouzwa kwa wingi kuliko vyote kwenye kalamu hiyo. Mtu anayetarajia Parker 51 iwe na kifuniko cha dhahabu amezoea picha za matangazo. Makarani walinunua cha chuma. Hero nao walitengeneza vifuniko vya chuma vilivyopigwa msasa, ndiyo maana hatukusimama hapo.

Kibanio cha kifuniko hiki nacho ni mshale, ila huu ni mwingine. Manyoya yake yamekatwa, mistari inahesabika, pande mbili zinalingana, na kichwa cha mshale chini kina kingo zinazoweza kukwaruza ukucha. Hakuna almasi ya buluu kwenye kibanio. Hilo ni dogo lakini linafaa: Parker za Marekani za mwanzo zilikuwa na umbo la almasi ya buluu kwenye kibanio, alama ya dhamana ya maisha, na iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kutokuwepo kwake kunasogeza kifuniko hiki upande wa baadaye, bila kusema mwaka. Juu ya kichwa kuna kifungo kidogo cha mviringo kinachoshikilia kibanio. Kwenye picha kilikuwa salama, na tuliandika kwa herufi kubwa kwamba asijaribu kukifungua, kwani hicho hukatika shingo.

Ukingoni, kwa mwanga wa dirisha na unga wa chaki, palisomeka PARKER na MADE IN ENGLAND. Kiwanda cha Parker cha Uingereza kilikuwa Newhaven, Sussex, pwani ya kusini. Kwa Tanganyika iliyokuwa chini ya Mwingereza hadi 1961, kupata Parker ya Newhaven kuliko ya Marekani ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa tuna kifuniko cha Hero na kifuniko cha Parker. Bado hatuna kalamu.

Viwiliwili havikuwa na jina nje, au vilikuwa nalo na likaisha. Plastiki ya karibu na pete ndiyo mkono unapopita kila siku. Picha ya dirishani ilileta mshangao mmoja wa pembeni. Kiwiliwili kimoja, ambacho jioni kilionekana cheusi kama mwenzake, kilikuwa na rangi ya damu ya mzee. Chini ya taa ya njano rangi hizi mbili haziachani, na muuzaji akikuandikia "nyeusi" kwa picha ya usiku usimwamini wala usimlaumu.

Tukaanza na nibu, tukijua mpaka wake. Mnunuzi alikuwa amemwambia bibi kwamba nibu "imeandikwa karati 14." Kwenye Parker 51 nibu kweli ni ya dhahabu ya karati 14, lakini alama zake ziko kwenye kile kijibomba kilichomo ndani ya ala. Hazisomeki kwa picha, wala kwa macho, mpaka ala itolewe. Kwa hiyo mtu anayedai amezisoma juu ya kalamu iliyofungwa amezikumbuka kutoka mahali pengine. Tulichokitaka kwenye picha ni vitu viwili: rangi ya ncha na namna inavyotoka.

Kiwiliwili cheusi kilipigwa kutoka juu na kutoka mbele, ncha ikitazama kamera. Kutoka juu, chuma kilichochungulia kilikuwa cheupe, kipana kidogo, kama bati lililokunjwa kingo zake. Kile cha damu ya mzee kilitoa ncha ya njano, fupi sana, na ikitazamwa kutoka mbele ilikuwa duara, mdomo wa kijibomba, huku ala ikiwa imeifunika kwa juu kama ukingo wa baraza. Hilo lilitusogeza sana. Hata hivyo rangi ya ncha si hukumu: chuma hupakwa njano, na Hero 100 ilitoka na nibu ya dhahabu halisi. Ule uduara wa kijibomba ndio uliokuwa na uzito zaidi kuliko rangi, na picha yake haikuwa kali kiasi cha kuapia.

Tukatazama mkia. Parker 51 za kwanza, hadi 1948, zilijazwa kwa kitufe kilichofichwa chini ya kijifuniko cha mkiani, na kwa hiyo plastiki yao ina mstari mwembamba wa kiungo karibu na mwisho. Kuanzia 1948 ukaja mtindo wa kubonyeza mfuko, na mkia ukawa kipande kimoja. Kiwiliwili cha damu ya mzee hakikuwa na kiungo mkiani katika picha yoyote. Kama ni Parker 51, basi ni ya mtindo wa pili. Na mtindo wa pili una faida moja kwetu: unafunguka, na ndani yake pameandikwa.

Kufungua kunataka mkono mtulivu. Kinachozungushwa ni sehemu ya nyuma, kutoka kwenye pete kwenda mkiani, kinyume cha saa, huku ala ikishikwa karibu na pete na si karibu na nibu. Ala yenyewe haizungushwi. Imegandishwa kiwandani kwa utomvu, na anayeilazimisha bila kuipasha moto kwa utaratibu hupasua plastiki au huizungusha kiasi kwamba ncha haikai tena chini ya ule ukingo wa baraza. Kama sehemu ya nyuma inakataa, kiungo kilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, kwa kuwa kinachokishika huwa ni wino uliokauka. Maji yasiwe ya moto. Spiriti isikaribie hata kwa pamba, maana plastiki ya Parker 51 ni ya akriliki, na akriliki ikiguswa na spiriti huota nyufa laini kama za kikombe cha kauri kilichozeeka. Nyufa hizo hazirudi nyuma. Koleo tusilitaje.

Kiwiliwili cha damu ya mzee kilifunguka baada ya kulowekwa mara moja. Cheusi kilifunguka kikavu.

Ndani ya vyote viwili kuna ganda la chuma linalouzunguka mfuko wa wino, lenye dirisha upande mmoja na upau wa kubonyeza. Ukiangalia haraka utasema ni mapacha. Kwenye cheusi, ganda lilikuwa la bati jepesi, upau wake laini, na juu yake hapakuwa na maandishi ya Kilatini hata moja. Zilionekana alama za Kichina zilizopigwa kwa mhuri usio na kina. Kwenye kile cha damu ya mzee, ganda lilikuwa zito zaidi, upau una matuta ya kukingama ili kidole kisiteleze, na juu ya chuma pamechongwa jina PARKER pamoja na maagizo ya kujaza yenye maneno PRESS RIBBED BAR. Mfuko ndani yake ulikuwa wa plastiki angavu iliyobadilika rangi kuwa ya chai, si wa mpira mweusi. Mifuko hiyo ya Parker hudumu kwa namna inayoshangaza. Ya miaka ya 1950 bado inafanya kazi ikioshwa tu.

Ganda hili ndilo shahidi mkubwa wa kisa kizima, na sababu yake ni ya kawaida. Halisuguliwi na kidole, halipigwi na jua, halibadilishwi na mtu anayetaka kuuza, kwa kuwa wachache hulifungua. Kifuniko huhama, kibanio huchakaa, rangi hudanganya kwa taa, lakini ganda limefungwa pamoja na kalamu tangu kiwandani. Ukipata nafasi ya kuomba picha moja tu ya ziada kutoka kwa mtu mwenye kalamu ya ala, omba hiyo.

Kabla ya kufunga tulipima nafasi ya kukosea. Je, isingekuwa Parker 21? Hiyo ilitoka mwaka 1948 kama ndugu wa bei nafuu wa 51, nayo ni ya ala, ya kubonyeza, na jina PARKER lipo. Kwa picha ya nje mtu huweza kukwama hapo. Lakini nibu ya 21 ni ya aloi ya chuma nyeupe ambayo Parker waliiita Octanium, na plastiki yake ni dhaifu zaidi, huonyesha ufa wa urefu kwenye ala. Ncha yetu ilikuwa ya njano na duara, na ala haikuwa na ufa hata ilipomulikwa kwa tochi kutoka nyuma. Na Parker 61? Hiyo ina kijimshale kidogo cha chuma kilichopachikwa juu ya ala, mbele kabisa, karibu na nibu. Haihitaji kutafutwa, ama kipo au pana shimo la umbo lake. Hapa hapakuwa na kitu.

Kilichobaki ni kuunganisha, na hicho hakifanyiki kwa picha. Kifuniko cha Parker 51 hushikwa na vijibati vyembamba vya springi vilivyomo ndani yake, vinavyokumbatia ile pete. Kinasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, na kikiwa chenyewe huteleza kwa ukinzani laini na kusimama bila kucheza. Kikiwa cha kalamu nyingine ama kinakwaruza pete, ama kinalegea, ama kinasimama kabla ya wakati. Mwenye kalamu aliambiwa asukume kwa vidole viwili tu na aache pale panapokataa. Akajaribu cheupe kwenye damu ya mzee: kikaingia na kutulia. Akajaribu cha njano kwenye hichohicho, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kinacheza kama jino la mtoto."

Kwa hiyo maelezo tuliyompa aandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kalamu yalikuwa haya, na tuliyapanga kwa uhakika wake. Kalamu ya kwanza: Parker 51, ya kubonyeza, rangi ya damu ya mzee, kifuniko cha chuma cha Uingereza, imetengenezwa mwaka 1948 au baadaye, kabla ya katikati ya miaka ya 1970, nibu kwa mwonekano ni dhahabu, alama hazijasomwa kwa kuwa ala haijafunguliwa. Kalamu ya pili: Hero ya Shanghai, nyeusi, nibu ya chuma cheupe, kifuniko cha shaba kilichopakwa maji ya dhahabu, namba ya toleo imefutika, umbo na nibu vinaelekea kwenye jamii ya 616, haijathibitishwa. Neno "haijathibitishwa" alitaka kulitoa, akisema mnunuzi ataliona kama udhaifu. Tulimshauri aliache. Mnunuzi anayejua atapunguza bei kidogo kwa neno hilo, na atapunguza zaidi akigundua mwenyewe kwamba namba imebuniwa.

Mnunuzi wa dhahabu alipoambiwa kwamba kifuniko cha njano ni Hero hakurudi. Bibi ndiye aliyebaki na swali, na mjukuu alilituma kwa sauti, na jogoo nyuma yake: kama ile ya bati ndiyo Parker, mbona mume wake aliitumia kuandikia madeni? Jibu liko kwenye ncha yenyewe. Picha ya mbele inaonyesha upande mmoja umelika kwa mshazari, umekuwa bapa kama patasi ndogo, na hivyo huwa pale kalamu moja inapoandika na mkono mmoja, kila siku, kwa miaka. Ncha ya ile Hero bado ni duara kamili.